Mwisho wa gharama na mwisho wa hatari: barua pepe ya kumwandikia mnunuzi wa ng'ambo kabla kontena halijapakiwa melini

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wauzaji wanaoanza kupeleka bidhaa nje. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi mliokaa mbele, maana nitawauliza maswali.

Leo sitazungumza juu ya kutafuta wanunuzi. Nitazungumza juu ya barua pepe moja tu. Ni ile unayomwandikia mnunuzi wa ng'ambo mkishakubaliana bei, kabla kontena halijapakiwa melini. Barua hiyo inamweleza mambo matatu: mzigo unakuwa mikononi mwa nani na kuanzia wapi, nani analipa nini, na hati zipi zitamfikia, lini, kwa njia gani. Wengi wetu hatuiandiki. Tunapeleka bei, tunapeleka ankara, basi.

Mimi pia niliwahi kuiandika vibaya, na nitawasomea nilivyoandika. Ilikuwa hivi: "Bei yetu ni dola 24,000 CIF. Mzigo utapakiwa wiki ijayo. Hati zitafuata."

Sentensi tatu. Na CIF, kwa kifupi, ni bei yenye gharama, bima na nauli ya meli ndani yake. Mzigo wenyewe ulikuwa vigae vya sakafu: kontena moja la futi 20, palati 20, katoni 960, kila katoni kilo 25. Mnunuzi alikwisha kulipa asilimia 30, na tulikubaliana asilimia 70 iliyobaki ailipe akiona nakala ya hati ya shehena kwenye barua pepe. Mimi niliona kila kitu kimekaa sawa. Baada ya mwezi mmoja na nusu tulikuwa na magomvi matatu mezani, na kila moja lilitoka kwenye sentensi mojawapo kati ya hizo tatu. Nitayachukua moja baada ya jingine, na kila tukimaliza moja nitawasomea kipande cha barua ninayoandika sasa.

Gomvi la kwanza lilikuwa la vigae vilivyovunjika.

Mnunuzi alifungua kontena ghalani kwake akakuta katoni 61 zimepasuka. Akanitumia picha. Chini ya picha ameandika: "Tumekubaliana CIF hadi bandari yangu. Vimevunjika kabla ya kufika bandari yangu. Nirudishie fedha."

Sasa nawauliza, na nataka mjibu kwa moyo mweupe: je, mnunuzi alikuwa na haki? Nani anasema ndiyo? Inueni mikono. Naona ni wengi. Na hata yeye aliamini hivyo, wala hakuwa mtu mbaya. Aliyasoma yale maneno kama ambavyo mtu yeyote angeyasoma. Nimelipwa nimfikishie mzigo hadi bandari yake, basi mpaka pale mzigo ni wangu. Si ndivyo?

Sivyo, ndugu zangu. Hapa ndipo penye kiini cha yote. Chini ya CIF muuzaji analipa gharama, bima na nauli ya meli mpaka bandari ya kushushia. Lakini hatari ya mzigo, yaani nani anaumia ukiharibika au ukipotea, inahama mapema zaidi. Inahama pale mzigo unapokuwa umepakiwa ndani ya meli, kwenye bandari ya kuondokea. Mwisho wa gharama uko pengine, na mwisho wa hatari uko pengine. Katikati kuna bahari nzima. Katika bahari hiyo, mimi ndiye niliyelipa nauli, lakini mzigo ukiharibika anayeumia ni yeye.

Rudieni pamoja nami: mwisho wa gharama ni pengine, mwisho wa hatari ni pengine.

Maana hiyo haikutungwa na muuzaji wala mnunuzi. Imo kwenye Incoterms, kanuni zinazotolewa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao Paris. Zilitoka mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la sasa, Incoterms 2020, lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Lina masharti 11. Kwa hiyo ukiandika CIF peke yake bila jina la bandari na bila mwaka wa toleo, umemwachia mwenzako aijaze nafasi kwa namna anavyofikiri yeye. Andika herufi tatu, andika bandari, andika "Incoterms 2020". Ni nusu mstari tu.

Lakini ngoja. Mtasema, kama hatari ni yake, mbona nimemlipia bima? Bima si ingemlipa zile katoni 61? Hilo ndilo swali alilouliza yeye, na ni swali zuri sana.

Bima ya shehena kwa kawaida ina daraja tatu za masharti, A, B na C. Daraja C ndiyo ya chini. Inalipa mambo makubwa: moto, mlipuko, meli kukwama au kuzama, kugongana, mzigo kutupwa baharini ili kuokoa meli. Daraja A inalipa madhara yote isipokuwa yale yaliyotajwa kwamba hayalipwi. Na CIF, ndugu zangu, inamtaka muuzaji akate daraja C tu, kwa asilimia 110 ya thamani ya mkataba. Thamani yetu ilikuwa dola 24,000, kwa hiyo bima ilikuwa ya dola 26,400. Nilitimiza wajibu wangu mpaka senti ya mwisho. Lakini meli haikuungua, haikuzama, haikugongana na kitu. Ilipigwa na mawimbi, kontena likatikiswa, vigae vikapasuka. Daraja C hailipi hilo. Wala hailipi wizi wa katoni kumi kutoka kontena lililofunguliwa njiani.

Kwa hiyo mnunuzi akabaki na katoni 61 zilizopasuka, hati ya bima mkononi, na bima isiyomsaidia. Kwa hesabu ya dola 25 kila katoni, hiyo ni dola 1,525. Je, nilikuwa na kosa kisheria? Hapana. Je, nilimtendea haki? Najiuliza hadi leo. Tofauti ya ada kati ya daraja C na daraja A ilikuwa ndogo, angeilipa bila kusita kama ningemwambia. Sikumwambia. Niliandika "CIF" nikaona nimemaliza.

Na nisije nikawapotosha upande wa pili. Kuhama kwa hatari si kichaka cha kujifichia. Kama palati zilifungwa ovyo, kama katoni ziliachwa na nafasi zikawa zinagongana, kosa ni la muuzaji hata kama vigae vilivunjikia katikati ya bahari, kwa sababu ufungaji ni wajibu wake. Na bima yenyewe, hata ya daraja A, haitalipa mzigo uliofungwa vibaya. Ndiyo maana siku hizi ninasimama mlangoni pa kontena wakati wa kupakia. Napiga picha palati ya kwanza, napiga picha kontena likiwa nusu, napiga picha mlango umefungwa na namba ya lakiri inasomeka. Kama palati ni za mbao, napiga picha ya karibu ya muhuri unaoonyesha kuwa mbao zilitibiwa kwa joto kwa kiwango cha ISPM 15, maana forodha nyingi hukataa mbao zisizo na muhuri huo. Picha hizo naziambatanisha kwenye barua.

Basi kipande cha kwanza cha barua kinasema hivi sasa. Nitakisoma taratibu:

"Ndugu mnunuzi, bei yetu ya dola 24,000 ni CIF bandari uliyoitaja kwenye oda yako, kwa Incoterms 2020. Maana yake ni kwamba tunalipa nauli ya meli na bima hadi bandari hiyo. Tafadhali zingatia kwamba hatari ya mzigo inahamia kwako pale mzigo unapokuwa umepakiwa melini kwenye bandari yetu, si pale unapofika kwako. Bima tunayotakiwa kukata ni ya daraja C, kwa dola 26,400. Hailipi vigae kuvunjika kwa kutikiswa, wala wizi. Tunakushauri daraja A. Ukikubali, tutakupa tofauti ya ada kabla ya kukata. Ukifungua kontena ukakuta madhara, usiondoe katoni, piga picha, mwite mkaguzi aliyetajwa kwenye hati ya bima, na uiandikie kampuni ya meli siku hiyohiyo."

Kwa nini siku hiyohiyo? Kwa sababu chini ya kanuni za Hague-Visby, ambazo hati nyingi za shehena zinazifuata, madhara yasiyoonekana kwa nje yanatakiwa yaandikiwe taarifa ndani ya siku 3 tangu mzigo kukabidhiwa. Usipoandika, dai halifi hapo hapo, lakini wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba madhara yalitokea njiani. Mnunuzi wangu aliandika siku ya tisa, na aliniandikia mimi, hakuwaandikia wenye meli.

Kuna jambo nataka nilitie hapa kabla hatujaendelea, kwa sababu najua wengi mnasafirisha kwa kontena. CIF, na FOB ambayo muuzaji huishia kuupakia mzigo melini na nauli hulipwa na mnunuzi, zilitungwa kwa ajili ya mzigo unaopakiwa moja kwa moja melini. Kontena halipakiwi hivyo. Unalikabidhi kwenye yadi, linakaa siku mbili, tatu, hata tano, ndipo linanyanyuliwa. Likianguka yadini kabla ya kupanda melini, hatari bado ni yako muuzaji ingawa hulioni wala hulilindi. Kwa kontena, Incoterms wenyewe wanashauri FCA badala ya FOB, na CIP badala ya CIF, ambapo hatari inahama unapomkabidhi msafirishaji. Na CIP tangu toleo la 2020 inataka bima ya daraja A. Kwa vigae vile ndiyo ilikuwa inafaa. Lakini wanunuzi wengi wamezoea kuomba CIF, na ukiona mnunuzi wako hataki kubadili, basi angalau mweleze.

Tuje kwenye gomvi la pili. Hili lilikuwa la fedha za bandarini.

Kabla hata hajafungua kontena, mnunuzi alikwenda kwa wakala wa meli nchini kwake kuchukua kibali cha kutolea mzigo. Akapewa bili: tozo ya kuhudumia kontena bandarini, tozo ya hati, tozo ya kusafisha kontena. Akanipigia simu kwa hasira. "Wewe umeniambia nauli imelipwa. Hati ya shehena imeandikwa nauli imelipwa. Hii bili ni ya nini?"

Nani alitakiwa kulipa? Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jibu halimo kwenye herufi tatu peke yake. Kanuni ya CIF inasema hivi: gharama za kushusha mzigo kwenye bandari ya mwisho ni za mnunuzi, isipokuwa kama mkataba wa usafirishaji, ule muuzaji aliofunga na kampuni ya meli, umeziweka upande wa muuzaji. Maana yake jibu limo kwenye nukuu ya bei uliyopewa na wakala wa meli. Limo kwenye karatasi ambayo mnunuzi hajawahi kuiona! Unayo wewe, kwenye faili lako.

Je, ni wangapi hapa wamewahi kusoma nukuu ya nauli mpaka chini? Mimi nilikuwa naangalia jumla. Siku ile nilipoifungua tena, nikaona nauli ya bahari iko mstari mmoja, tozo ya kuhudumia kontena bandari ya kuondokea mstari wa pili, na chini yake imeandikwa kwamba tozo ya bandari ya kufikia italipwa na mpokeaji. Ilikuwa pale tangu mwanzo. Kwa hiyo bili ilikuwa ya mnunuzi, lakini yeye alikuwa ameshampa mteja wake bei ya rejareja bila kuihesabu. Mimi nilijua, au nilipaswa kujua, na yeye hakuwa na namna ya kujua.

Tangu hapo kabla ya kutoa bei ya CIF namuuliza wakala wa meli maswali mawili kwa maandishi. La kwanza: nauli hii inaishia wapi, meli inapofika au kontena linapokuwa limeshushwa? La pili: mnunuzi ana siku ngapi za bure za kukaa na kontena? Majibu yake nayanakili kwenye barua kama yalivyo.

Kipande cha pili cha barua kinakwenda hivi:

"Sisi tunalipa: ufungaji na palati, usafiri mpaka bandarini, forodha ya kutolea mzigo nchini kwetu, tozo ya kuhudumia kontena kwenye bandari ya kuondokea, nauli ya bahari, na ada ya bima ya daraja C. Wewe unalipa: tozo ya kuhudumia kontena kwenye bandari ya kufikia, tozo za wakala wa meli wa huko, ushuru na kodi zote za kuingizia mzigo, wakala wako wa forodha, usafiri kutoka bandarini hadi ghalani, na kurudisha kontena tupu. Kampuni ya meli imetoa siku 5 za bure baada ya kontena kushushwa. Baada ya hapo inatoza kila siku. Tafadhali mwulize wakala wa meli wa huko akupe viwango vyake kabla mzigo haujafika."

Mnaona sikutumia maneno makubwa? Nimeufuata mzigo kama unavyotembea, kutoka mlango wangu mpaka mlango wake, na kila unaposimama nimesema nani anatoa mfuko. Mnunuzi wa lugha yoyote ataelewa. Na kuna kanuni moja rahisi ya kuwasaidia kwenye forodha: katika masharti yote 11, forodha ya kutoka ni ya muuzaji isipokuwa EXW, pale mnunuzi anapouchukua mzigo mlangoni kwako, na forodha ya kuingia ni ya mnunuzi isipokuwa DDP, pale muuzaji anapoufikisha mzigo ushuru ukiwa umelipwa. Ndiyo maana nawaomba msikubali DDP kwa nchi ambayo hamna mtu wa kuwaandikisha kodi. Mtakwama na mzigo wenu wenyewe.

Gomvi la tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kosa langu wazi. Nimewaambia niliandika "Hati zitafuata." Zilifuata kweli. Zilifuata nyuma ya meli.

Meli ilikuwa inachukua siku 19. Hati ya shehena, ambayo bandarini tunaiita bi-eli, ilitoka siku ya nne baada ya meli kung'oa nanga. Nikaituma nakala kwa barua pepe siku ya tano ili mnunuzi alipe asilimia 70. Akaitazama, akaona jina la kampuni yake limekosewa. Herufi mbili zimebadilishana nafasi. Akaniandikia: "Benki yangu na forodha hawatalikubali jina hili." Ikabidi nirudishe nakala halisi zote tatu kwa wakala wa meli, niandike barua ya kuomba marekebisho, nilipe tozo ya marekebisho, nisubiri. Nakala mpya zikatoka siku ya 14. Mnunuzi akalipa, fedha zikaingia siku ya 17, nikazikabidhi hati kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi jioni ileile. Zikamfikia siku ya 23. Meli ilikuwa imefika siku ya 19. Forodha ikamchukua siku 4, na kontena likatoka bandarini siku ya 28.

Hesabuni wenyewe. Siku za bure zilikuwa 5, ziliishia siku ya 24. Siku 4 zilitozwa. Herufi mbili, siku 4.

Kwa nini nakala halisi zina uzito hivyo? Kwa sababu bi-eli ya kawaida ni ufunguo wa mzigo. Hutolewa nakala halisi, mara nyingi tatu, na anayefika kwa wakala wa meli na mojawapo, ikiwa na jina lake au imesainiwa nyuma kwa ajili yake, ndiye anayepewa mzigo. Moja ikishatumika, zilizobaki zinakufa. Ndiyo maana muuzaji hazitoi mkononi kabla ya kulipwa, na ndiyo maana hazitakiwi kupotea njiani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; kwenye kontena, daftari lenyewe ndilo bi-eli.

Kuna njia ya kukwepa safari ya karatasi. Ukishalipwa, unaweza kurudisha nakala halisi zote kwa wakala wa meli hukohuko ulipo, naye akamwandikia mwenzake wa bandari ya kufikia amtolee mnunuzi mzigo bila karatasi. Hiyo ingetuokoa siku sita. Lakini ukishaitoa ruhusa hiyo, hushikilii kitu tena. Kwa hiyo fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti, si picha ya risiti ya benki. Nasema tena: zimeingia. Picha ya risiti si fedha.

Siku hizi wakala wa meli akinipa rasimu ya bi-eli, na huwa anaitoa kabla meli haijaondoka, naituma kwa mnunuzi siku ileile. Namwomba asome mambo manne: jina na anwani ya mpokeaji, jina la mtu wa kuarifiwa meli ikifika, maelezo ya bidhaa, na uzito. Rasimu hurekebishwa bure au kwa fedha kidogo. Nakala halisi hurekebishwa kwa siku na kwa fedha.

Na uzito mara nyingi ndio unaoponza. Vigae vyetu vilikuwa kilo 24,000 bila palati, na kilo 24,500 pamoja na palati. Ankara ikisema 24,000, orodha ya vifurushi ikisema 24,500, na bi-eli ikasema 24,500 bila kueleza ni uzito gani, afisa wa forodha atauliza, na ana haki ya kuuliza. Andika zote mbili, kwenye hati zote, kwa maneno yaleyale.

Kama mnunuzi wako analipa kwa eli-si, yaani barua ambayo benki inaahidi kukulipa ukiwasilisha hati zilizotajwa humo, hapo mambo yanabana zaidi. Benki hazitazami vigae, zinatazama karatasi. Chini ya kanuni za UCP 600, ambazo benki huzifuata kwenye eli-si, maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yalingane na yaliyomo kwenye eli-si, hati za usafirishaji ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya kupakia isipokuwa eli-si imesema vinginevyo, na kabla eli-si yenyewe haijaisha muda. Benki ina siku 5 za kazi kuzikagua. Hilo linahitaji mkutano wake, sitaliingia leo.

Kipande cha tatu cha barua basi:

"Tutakutumia hati hizi: ankara ya biashara nakala 3, orodha ya vifurushi nakala 3, bi-eli nakala halisi 3 zenye maneno kwamba mzigo umepakiwa melini na nauli imelipwa, cheti cha uasilia wa bidhaa, na hati ya bima iliyosainiwa nyuma ili uweze kudai wewe mwenyewe. Rasimu ya bi-eli imeambatanishwa. Tafadhali thibitisha kwa maandishi jina la mpokeaji, mtu wa kuarifiwa, maelezo na uzito, kabla ya saa 6 mchana Jumatano. Mwulize pia wakala wako wa forodha kama nchi yako inataka cheti kingine chochote, kwa sababu vyeti vingine haviwezi kutolewa meli ikishaondoka. Safari ni siku 19. Ili mzigo usisubiri bandarini, tunahitaji salio lako lifike si zaidi ya siku 10 baada ya meli kuondoka."

Mtu mmoja aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza, akasema, "Kaka, barua ndefu hivyo, mnunuzi si atakimbia?" Nimjibu mbele yenu wote kwa kisa cha mwisho.

Mnunuzi yule wa vigae alirudi. Tuligawana hasara ya katoni 61 nusu kwa nusu, na zile siku 4 nilizilipa mimi. Miezi michache baadaye akaagiza kontena la pili, vigae vilevile, idadi ileile. Safari hii nikamwandikia barua niliyowasomea, Jumatatu asubuhi. Sikupata jibu Jumatatu. Jumanne jioni likaja, refu kuliko barua yangu. Amesahihisha anwani yake kwenye rasimu, kwa sababu alikuwa amehama ofisi na hakukumbuka kuniambia. Amesema wakala wake wa forodha anataka idadi ya mita za mraba iandikwe kwenye ankara, si katoni peke yake. Ameomba daraja A na kuuliza tofauti ni kiasi gani. Na chini kabisa ameuliza kama tunaweza kumwombea siku 10 za bure badala ya 5, kwa sababu wiki ya kufika meli ni wiki ya sikukuu kwao na forodha hufungwa.

Nikampigia wakala wa meli. Akatupa siku 10 bila malipo, kwa sababu tuliomba kabla ya kupakia. Mnunuzi akalipa tofauti ya bima Jumatano asubuhi, rasimu ikasahihishwa mchana, na kontena likapanda melini Alhamisi usiku.